Hela Imekatwa, Duka Halijapokea: Uchambuzi wa Kisa cha Muamala wa 1,840,000

Kisa hiki kilitokea katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi lililoko Kariakoo, Dar es Salaam, ambako nimekuwa nikishika hesabu kwa miaka kadhaa. Mteja wetu mmoja wa Ifakara, mwenye duka la rejareja, aliagiza mabati, misumari na rangi kwa ankara moja ya shilingi 1,840,000, akakubali kulipa kwa lipa namba yetu kabla gari la mzigo halijaondoka jioni. Lipa namba yetu ni ya mtandao mmoja, na simu yake ni ya mtandao mwingine. Sitaitaja mitandao hiyo, nitaiita mtandao wa mteja na mtandao wa duka, kwa kuwa kilichotupata kingeweza kutokea kati ya mitandao yoyote miwili.

Siku ya Jumatatu, saa nane na dakika kumi na mbili mchana, mteja alilipa. Simu yake ikapokea ujumbe kwamba ombi lake limepokelewa na kiasi kimekatwa. Sisi hatukupokea chochote. Alisubiri dakika chache, akapiga simu dukani, kijana wa kaunta akamjibu kwamba hakuna kilichoingia, naye akajaribu tena saa nane na dakika kumi na tisa. Safari hii jibu lilikuja papo hapo: muamala umeshindikana, salio halitoshi. Akapiga simu tena, sauti ikiwa imepanda, akisema hela imeshakatwa na mzigo upakiwe.

Kijana wa kaunta alimwomba amtumie ujumbe wa malipo. Mteja akafanya ambacho karibu kila mtu angefanya: alifungua simu, akachukua ujumbe uliokuwa juu kabisa, akautuma. Ujumbe wa juu ulikuwa wa jaribio la pili, lile lililoshindikana. Kijana hakuusoma hadi mwisho. Alinakili namba ya kumbukumbu, akapiga simu huduma kwa wateja wa mtandao wa duka, akaeleza kwamba kuna malipo ya 1,840,000 ya "saa nane na kumi na tisa", akataja namba ile na kuomba hela iingizwe. Alipewa namba ya lalamiko na kuambiwa asubiri.

Jibu lilikuja Jumanne asubuhi kwa ujumbe mfupi. Lilisema kwamba hakuna muamala wenye namba hiyo, na kwamba hakuna malipo ya kiasi hicho yaliyoonekana saa 08:19. Lalamiko likafungwa.

Hapo ndipo faili lilipoletwa mezani kwangu, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mtandao wa duka haukuwa umekosea hata kidogo. Uliulizwa swali lenye makosa matatu, ukalijibu kama lilivyoulizwa. Kosa la kwanza ni kwamba namba ilikuwa ya jaribio ambalo halikukata hela. Kosa la pili ni kwamba, hata kama ingekuwa ya jaribio sahihi, ilikuwa imezaliwa katika mtandao wa mteja, na mtandao wa duka hauna namba hiyo katika vitabu vyake. Kosa la tatu ni la lugha yetu wenyewe: kijana alisema saa nane, mhudumu akaandika 08, na mfumo ukatafuta miamala ya asubuhi wakati duka lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Saa nane mchana kwenye kompyuta ni saa 14:00, na tofauti hiyo ya saa sita imeshapoteza malalamiko mengi kuliko watu wanavyodhani. Tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka ofisini kwangu ikiwa na saa za Kiswahili katika suala la muamala. Naandika 14:12, kisha naongeza neno "mchana" ili asiwepo wa kubahatisha.

Kosa la pili ndilo linalostahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu wafanyabiashara wengi huamini kwamba namba ya kumbukumbu ni kama namba ya gari, yaani moja tu na inatambulika kila mahali. Sivyo ilivyo. Namba ya kumbukumbu ni alama ambayo mfumo mmoja huubandika muamala kwa matumizi yake. Malipo yanapobaki ndani ya mtandao mmoja, mlipaji na mpokeaji huona namba ileile, na ndiyo maana tumezoea kuiamini. Malipo yanapovuka kwenda mtandao wa pili, mtandao wa kwanza hutoa namba yake kwa mlipaji, mtandao wa pili hutoa namba yake kwa mpokeaji endapo hela itafika, na katikati hupita kitambulisho kingine ambacho mifumo hiyo hutumia kuzungumza, kama inavyokuwa pale malipo yanapopitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania. Kitambulisho hicho cha katikati mteja hakioni kwenye simu yake. Mhudumu wa mtandao wake anaweza kukiona, au kukiomba kwa wenzake wa idara ya ulinganishaji.

Kwa hiyo, pale hela inapokatwa upande mmoja bila kufika upande wa pili, mpokeaji hana namba yoyote ya kutumia. Namba ya mlipaji haisemi kitu kwake, na namba yake mwenyewe haijazaliwa. Uchunguzi hauna budi kuanzia pale hela ilipotoka.

Nilimpigia mteja na kumwomba vitu viwili: ujumbe wote alioupokea Jumatatu kati ya saa saba na saa tisa mchana, aunakili na kuutuma kama maandishi wala asiupige picha, pamoja na taarifa ya miamala ya siku hiyo kutoka mtandao wake. Picha ya skrini ina faida yake kama kiambatisho, lakini mhudumu hawezi kunakili namba kutoka kwenye picha. Atalazimika kuiandika upya kwa mkono, na hapo herufi O inageuka sifuri, na herufi I inageuka moja. Nimewahi kuona lalamiko likizunguka kwa sababu hiyo tu.

Ujumbe ulipofika, kisa kilijieleza chenyewe. Ule wa kwanza, wa saa 14:12, ulionyesha kwamba amekatwa 1,840,000 pamoja na makato ya 4,000, na kwamba salio lililobaki ni 259,500. Ujumbe wa asubuhi ya siku hiyo ulikuwa umeonyesha salio la 2,103,500. Ukitoa 1,840,000 na 4,000 kutoka 2,103,500 unabaki na 259,500 kamili. Hakukuwa na muamala mwingine katikati. Jaribio la pili lilishindikana kwa sababu salio halikutosha, nalo halikutosha kwa sababu jaribio la kwanza lilikuwa limeshaondoa hela. Ujumbe uleule uliotupoteza Jumatatu uligeuka kuwa ushahidi mzuri kwamba hela ilitoka kweli.

Maneno ya ujumbe wa kwanza yalikuwa na jambo lingine la kuzingatia. Haukusema kwamba malipo yamekamilika. Ulisema kwamba ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Anayelipa anaona kiasi kimekatwa na hasomi zaidi, lakini kwa anayechunguza, tofauti kati ya "linashughulikiwa" na "limekamilika" ndiyo tofauti kati ya hela iliyoning'inia na hela iliyofika mahali pengine, kwa mfano kwa lipa namba iliyokosewa tarakimu moja. Hili la pili ni tatizo la aina nyingine kabisa na huombwa kwa njia nyingine, maana huko kuna mtu wa tatu aliyepokea.

Kabla ya kuandika barua tulikuwa na jambo la biashara la kuamua. Tajiri alikuwa amekataa Jumatatu mzigo utoke kwa ujumbe tu, na katika hilo nilikuwa upande wake, kwa kuwa ujumbe wa kutumiwa na mtu si malipo, na walioibiwa kwa ujumbe wa kutengeneza hapa Kariakoo si wachache. Mteja alikopa kwa shemeji yake, akatuwekea hela benki jioni ileile, na mzigo ukaondoka Jumanne. Hatua hiyo ilibadilisha kile tulichopaswa kuomba. Iwapo 1,840,000 ya kwanza ingeingia kwetu kwa kuchelewa, tungekuwa tumelipwa mara mbili na tungedaiwa na mteja. Iwapo ingerudishwa kwake, mambo yangekuwa sawa. Na iwapo sisi tungeendelea kudai iingizwe kwetu huku yeye akidai irudishwe kwake, mitandao miwili ingekuwa na maombi mawili yanayopingana kuhusu hela moja. Nikamwandikia mteja maandishi mafupi kwamba ankara yake imelipwa kupitia benki, na kwamba kiasi chochote kitakachoingia kwenye lipa namba kwa ajili ya muamala ule wa saa 14:12 ni chake na kitarudishwa. Naye akakubali kwamba maombi yote yatasema kitu kimoja: kiasi kirudi kwake.

Barua tuliyomwandalia aipeleke kwa mtandao wake ilikuwa fupi, na naiweka hapa karibu kama ilivyokuwa, isipokuwa namba zake:

"Naomba mchunguze muamala wa malipo ya biashara uliofanyika Jumatatu saa 14:12 mchana kutoka namba yangu ya simu kwenda lipa namba ya mtandao mwingine, namba ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye ujumbe wenu nilioubandika hapa chini neno kwa neno. Kiasi ni 1,840,000 na makato ni 4,000. Salio kabla ya muamala lilikuwa 2,103,500 na baada yake 259,500. Mpokeaji amethibitisha kwa maandishi kwamba hajapokea kiasi hicho. Nilijaribu tena saa 14:19, jaribio hilo lilishindikana na halikukata hela. Silalamikii jaribio hilo. Naomba mnijulishe mambo matatu: hali ya mwisho ya muamala huu katika mfumo wenu, kitambulisho mlichoutuma nacho upande wa mpokeaji pamoja na jibu mlilolipata, na lini kiasi hiki kitarudishwa kwenye akaunti yangu, kwa kuwa deni langu kwa mpokeaji nimeshalilipa kwa njia nyingine."

Sentensi inayosema "silalamikii jaribio hilo" inaweza kuonekana ya ziada. Niliiweka kwa makusudi, kwa sababu mhudumu akifungua akaunti ataona miamala miwili ya kiasi kilekile ndani ya dakika saba, na wa mwisho una alama ya kushindikana. Bila sentensi hiyo angeweza kujibu kwamba muamala ulishindikana na hakuna hela iliyokatwa, na jibu lake lingekuwa la kweli kwa muamala ambao hatukuuliza. Ombi la pili, la kitambulisho kilichopelekwa upande wa mpokeaji, ndilo moyo wa barua. Bila hicho duka lisingeweza kuuliza chochote kwa mtandao wake. Namba ya siri haikuwekwa popote, na hakuna uchunguzi wa kweli unaoihitaji.

Jumatano tulikwama kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mtandao wa mteja ulijibu kwamba mwenye laini si yeye. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole za mke wake, kwa sababu wakati wa usajili yeye kitambulisho chake kilikuwa bado hakijatoka. Ameitumia laini hiyo miaka yote kwa biashara, wateja wanaijua kama yake, lakini kwa mtandao yeye ni mtu wa kupita tu. Mke alilazimika kwenda mwenyewe kwenye duka la huduma la mtandao huo na kitambulisho chake, akathibitishwa, akasaini ombi lilelile kwa jina lake. Siku moja ikapotea. Sheria za usiri wa taarifa za mteja haziruhusu mhudumu kumfungulia mtu mwingine akaunti, hata awe mume, na hata awe mwenye duka lililokuwa lipokee hela. Ndiyo maana sisi pia tusingeweza kulalamika kwa niaba yake kwa mtandao wake.

Alhamisi jibu lilikuja likiwa na kile tulichokihitaji. Muamala ulikuwa bado katika hali ya kusubiri. Hela ilikatwa saa 14:12, maelekezo yakapelekwa upande wa pili, na jibu halikurudi ndani ya muda ambao mfumo huwekewa kusubiri. Mfumo unapokosa jibu, hauwezi kujua kama upande wa pili umepokea hela na jibu limepotea njiani, au haukupokea kabisa. Kurudisha papo hapo kungekuwa hatari, kwa maana mpokeaji angeweza kuwa ameshapokea, na hela ingekuwa imetoka mara mbili. Kwa hiyo hubaki imening'inia hadi pande mbili zilinganishe vitabu vyao. Pamoja na maelezo hayo tulipewa kitambulisho kilichopelekwa upande wetu.

Sasa ndipo duka lilipokuwa na swali la kuuliza. Niliandika kwa mtandao wa duka, nikataja lalamiko la Jumatatu lililofungwa ili wasilifungue upya kama jambo jipya, nikatoa kitambulisho, lipa namba yetu, kiasi, na muda wa kati ya 14:10 na 14:25. Swali lilikuwa moja: je, maelekezo yenye kitambulisho hiki yalifika kwenu, na kama yalifika, yalipokewa, yalikataliwa au bado yanasubiri? Niliuliza pia kuhusu kukataliwa kwa sababu mhudumu anayetazama orodha ya hela zilizoingia hataona kitu kilichokataliwa. Hicho hukaa kwenye orodha nyingine.

Ijumaa wakajibu kwamba maelekezo yalifika saa 14:12 na yakakataliwa, kwa kuwa kiasi hicho kingevusha salio la akaunti yetu ya lipa namba juu ya kikomo kinachoruhusiwa kwa akaunti za daraja lake. Jibu la kukataa lilitumwa, lakini halikufika kwa wakati upande wa pili.

Nilirudi kwenye taarifa yetu wenyewe ya Jumatatu nikaona kwamba ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo, ila sikuutafuta. Saa 13:50 tulikuwa tumepokea 35,000 bila shida, na saa 14:31 tukapokea 60,000 bila shida. Mtandao ungekuwa chini, malipo hayo nayo yangekwama. Malipo madogo yanapopita na makubwa yakakwama katika saa ileile, jambo la kwanza la kutazama ni salio na kikomo cha mpokeaji. Salio letu lilikuwa limejaa kwa mauzo ya Ijumaa na Jumamosi ambayo tajiri hakuwa ameyahamishia benki, kwa kuwa, kwa maneno yake, makato ya kuhamisha kila siku yanamuuma. Nilimwonyesha zile tarehe bila kusema neno, naye akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.

Majibu ya pande zote mbili sasa yalikuwa mkononi mwa mteja: upande wake unasema hela inasubiri, upande wetu unasema kwa maandishi kwamba ilikataliwa. Alipeleka jibu letu kwa mtandao wake Ijumaa hiyohiyo mchana, likiwa na kitambulisho kilekile, na hapo hapakuwa tena na sababu ya kusubiri. Tulikuwa tumeshamwandalia na hatua ya mwisho endapo wangeendelea kuchelewa, yaani kulipeleka suala Benki Kuu, ambayo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 ndiyo inayosimamia watoa huduma hawa na ina dawati la kupokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Dawati hilo hutaka kwanza kuona kwamba umelalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, na hapo ndipo namba za malalamiko, barua na majibu yote hupata kazi yake. Hatukuhitaji kufika huko.

Jumatatu iliyofuata, saa 10:47 asubuhi, simu ya Ifakara ilipokea ujumbe wa marejesho ya 1,840,000 ukiwa na namba mpya ya kumbukumbu na kutaja ile ya zamani. Makato ya 4,000 hayakuwemo. Mke wa mteja akaandika tena, mistari miwili, akieleza kwamba makato yalitozwa kwa huduma ambayo mtandao wenyewe umethibitisha haikukamilika. Yakarudi Jumatano kwa ujumbe wa tatu. Nikaziandika namba zote tatu kwenye ukurasa mmoja wa ankara yake, nikapiga mstari chini yake, na tajiri akaanza siku hiyo kuhamisha hela benki kila jioni, akinung'unika.